Kasha moja, vituo viwili: kipimo cha haraka cha malaria kinapoonekana kusema kweli Ahero na kudanganya Njoro

Tuseme kasha moja la vipimo vya haraka vya malaria limegawanywa nusu kwa nusu. Nusu imekwenda zahanati ya upande wa Ahero, katika mashamba ya mpunga ya Kano, na nusu nyingine imepanda hadi zahanati ya upande wa Njoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Namba ya toleo ni ile ile na tarehe ya mwisho ni ile ile. Mwezi unapoisha, Ahero hawana neno: kila wanapopata chanya kumi, slaidi ya damu iliyosomwa kwa hadubini inakubali tisa. Njoro wamekasirika. Kati ya chanya kumi, slaidi inakataa saba, na mtu wa maabara anataka vipimo virudishwe bohari kwa kuwa vimeharibika.

Huenda vimeharibika kweli, na hilo tutaliangalia. Lakini vipimo vizima kabisa vinaweza kutoa matokeo haya haya, kwa sababu wanaopimwa Njoro si kama wanaopimwa Ahero.

Anza kwa kuhesabu vichwa, si asilimia

Chukua kipimo ambacho katika watu 100 wenye malaria hunasa 95. Huo ndio usikivu wake. Katika watu 100 wasio na malaria huwaambia 95 kwamba hawana, na 5 huwapa chanya ya uongo. Huo ndio umahususi wake. Tarakimu hizi nimezichagua kwa urahisi wa hesabu. Weka zile zilizo kwenye karatasi ya kipimo chako, mwendo wa hesabu haubadiliki.

Ahero, msimu wa kawaida, tuseme katika watu 1,000 wanaokuja na homa, 400 wana malaria. Kipimo kinawanasa 380 na kuwakosa 20. Katika 600 waliobaki, 30 wanapata chanya ya uongo. Chanya zote ni 410, za kweli 380. Kwa hiyo mtu mwenye mstari wa pili mkononi, ule unaosema chanya, ana uwezekano wa karibu 93% kwamba anaumwa malaria.

Njoro, katika watu 1,000 wenye homa, tuseme wenye malaria ni 20 tu. Kipimo kinanasa 19. Katika 980 waliobaki, asilimia ile ile 5 inatoa chanya za uongo 49. Chanya zote ni 68, za kweli 19. Mstari ule ule, mkononi mwa mtu wa Njoro, ni kweli kwa 28% tu.

Tarakimu hii ya mwisho, yaani katika walio chanya wangapi wanaumwa kweli, ndiyo thamani ya ubashiri chanya. Haiandikwi kwenye boksi, na haiwezi kuandikwa, kwa sababu nusu yake inatoka kwa kipimo na nusu nyingine inatoka kwa watu walioketi kwenye benchi la kungojea. Kiwandani hakuna anayejua benchi lako lina nani.

Sasa tazama kinachowakosesha watu. Njoro wanalalamikia chanya za uongo 49, na Ahero wamepata 30. Tofauti si kubwa. Kilichopotea Njoro ni chanya za kweli, zilizoshuka kutoka 380 hadi 19. Chanya za uongo hazikuongezeka kwa kiasi cha kutisha. Zimebaki peke yao, kama magugu yanayoonekana zaidi mahindi yakishavunwa.

Kipimo kimeharibika, au ni uchache wa wagonjwa?

Usigawe chanya za uongo kwa chanya zote. Gawa kwa watu wasio na malaria. Mahali kama Njoro hili ni rahisi kuliko linavyosikika, kwa kuwa karibu kila anayepimwa hana malaria. Hesabu kwenye rejista waliopata chanya kisha slaidi ikawakataa, ugawe kwa jumla ya waliopimwa. Ukipata 49 kwa 1,000, yaani karibu 5%, kipimo kinafanya kile kile kilichoahidiwa na karatasi yake. Ukipata 120 au 150 kwa 1,000, hapo kuna hitilafu ya kweli, nawe uende ukaitafute mezani na stoo.

Mezani, ya kwanza ni saa. Kaseti nyingi, yaani vile vibao vya kipimo vyenyewe, husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, kulingana na karatasi yake. Ikiachwa mezani wakati foleni inasogea, mstari hafifu unaweza kujitokeza baada ya dakika 30 au 40 ambao haukuwapo wakati wa kusoma. Dalili yake ni kwamba chanya hujazana siku za soko na Jumatatu, zahanati inapofurika, kisha hupotea siku tulivu. Andika saa ya kuweka bafa, yaani maji ya kipimo yanayodondoshwa baada ya damu, kwenye kaseti yenyewe kwa kalamu. Bila hiyo hakuna atakayejua.

Ya pili ni bafa. Chupa ikiisha kabla ya kaseti, kuna anayeazima chupa ya aina nyingine, au anatia maji ya chumvi. Bafa si maji ya kusukuma damu tu. Chumvi na sabuni zake ndizo zinazozuia kingamwili zishikane ovyo. Ukiona chupa za bafa hazilingani na kaseti zilizobaki, umepata jibu.

Stoo, joto na unyevu huleta kosa la upande mwingine: huua mstari, kwa hiyo huzaa hasi za uongo zaidi kuliko chanya za uongo. Soma kiwango cha joto kwenye boksi, na uangalie kifuko kidogo cha kukausha ndani ya pakiti. Kama kimebadilika rangi, kaseti hiyo haitumiki. Stoo ya bati kule Ahero saa nane mchana ina hatari hii kuliko ile ya Njoro. Ndiyo maana kudai kwamba "jua limeharibu vipimo" hakuelezi chanya nyingi za uongo za Njoro.

Kama hakuna kati ya haya, na chanya za uongo ni karibu 5 kwa kila 100, msirudishe kitu bohari. Mtapewa kasha lingine na lalamiko litakuwa lile lile.

Swali moja linalobadilisha maana ya mstari

Watu wa Njoro si kundi moja. Baridi ya juu huko hairuhusu kimelea cha falsiparamu kukomaa ndani ya mbu kabla mbu mwenyewe hajafa. Joto likishuka chini ya takriban nyuzi 16 ukuaji wake husimama. Kwa hiyo wengi wa wenye malaria huko wameileta kutoka kwingine: walikwenda matanga Nyakach, walilala wiki mbili Busia, walirudi kutoka Homa Bay baada ya sikukuu.

Basi kabla ya kumchoma mtu kidole muulize: katika mwezi mmoja uliopita umelala wapi nje ya hapa? Uliza amelala wapi, si amekwenda wapi, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku. Mtu aliyepita Kisumu mchana kwa matatu na kurudi jioni si sawa na aliyelala Kano siku tatu bila neti. Rudi pia nyuma zaidi ya wiki moja, maana kutoka kuumwa na mbu hadi homa kwa kawaida hupita siku 7 au zaidi.

Tugawe wale 1,000 wa Njoro kwa jibu hilo. Tuseme 80 walilala ukanda wa ziwa au magharibi, na 16 kati yao wana malaria. Waliobaki 920 hawakutoka, na wenye malaria ni 4 tu. Kwa wasafiri, kipimo kinatoa chanya za kweli 15 na za uongo 3. Kwa wasiosafiri, kinatoa za kweli 4 na za uongo 46. Ukijumlisha utapata zile zile 19 na 49, hakuna kilichoongezwa. Lakini sasa chanya ya msafiri ni kweli kwa zaidi ya 80%, na chanya ya asiyesafiri ni kweli kwa 8%.

Hapa ndipo pa kutumia hadubini iliyopo. Mahali penye mtu mmoja wa maabara na slaidi nyingi za kusoma, msafiri mwenye chanya ameshajieleza. Asiyesafiri mwenye chanya ndiye anayehitaji slaidi nene iliyosomwa kwa utulivu, angalau viwanja 100 kabla ya kuandika hasi, na ndiye anayehitaji kuchunguzwa kifua, mkojo na masikio siku hiyo hiyo. Kumpa dawa ya malaria kwa mujibu wa mwongozo kusiwe sababu ya kuacha kutafuta, maana kati ya 50 wa namna yake, 46 wana homa ya kitu kingine. Mtoto anayepumua haraka mwenye mstari wa uongo, akirudishwa nyumbani na dawa ya malaria pekee, ameondoka na nimonia yake.

Pamoja na hayo, slaidi si hakimu asiyekosea. Kipimo cha haraka huweza kunasa antijeni kwa mtu ambaye vimelea vyake ni vichache kiasi cha kumponyoka msomaji aliyechoka. Slaidi ikikataa, na mgonjwa alilala Nyakach juzijuzi, rudia slaidi badala ya kufuta chanya.

Na kurudia kipimo kile kile? Watu hupenda sana njia hii kwa kuwa ni rahisi. Inasaidia kama kosa lilikuwa la mkono: damu nyingi kupita mikrolita 5, matone ya bafa yaliyokosewa, saa iliyopitwa. Lakini kama kuna kitu ndani ya damu ya mtu huyo kinachowasha mstari, mfano kingamwili za ugonjwa wa baridi yabisi, kaseti ya pili ya aina ile ile itawashwa na kitu kile kile. Kaseti mbili zikikubaliana hivyo, ni sawa na shahidi mmoja aliyeitwa mara mbili. Uthibitisho unatakiwa utoke kwa njia nyingine. Tukichukulia msomaji wa slaidi anayenasa 90 kwa 100 na kukosea 2 kwa 100 kwa wasio na vimelea, zile chanya 68 za Njoro zitabaki 18 hivi, na 17 kati yake ni za kweli. Kutoka 28% umefika zaidi ya 90% bila kubadilisha kipimo.

"Malaria yetu haishuki chini ya asilimia tano"

Lalamiko hili hutoka kwa anayeandaa ripoti. Vyandarua vimegawiwa, msimu wa kiangazi umeingia, lakini mstari wa chati umegota kwenye 5% na hausogei.

Haujagota kwa sababu ya mbu. Kipimo chenye umahususi wa 95% kikipima watu 1,000 ambao hakuna hata mmoja mwenye malaria, kitatoa chanya 50. Hiyo 5% ndiyo sakafu ya chumba. Huwezi kushuka chini yake kwa kupunguza malaria. Ukitaka kukadiria kilicho juu ya sakafu, tumia hesabu hii, kila tarakimu ikiwa desimali:

```
kweli = (chanya + umahususi - 1) / (usikivu + umahususi - 1)
```

Kwa Njoro, chanya 68 kwa 1,000 ni 0.068. Ongeza 0.95, toa 1, unapata 0.018. Gawa kwa 0.90. Jibu ni 0.02, yaani 2%, wale watu 20 tulioanza nao. Ripoti ingesema 6.8%, zaidi ya mara tatu ya ukweli.

Ukipata jibu chini ya sifuri usishtuke. Labda umahususi wa kipimo ni bora kuliko ulivyodhani, au umehesabu watu wachache mno. Mwezi wenye vipimo 60 na chanya 3 hausemi lolote. Kusanya miezi kadhaa kwanza.

Ahero nako kuna lake: chanya ambazo slaidi haizioni

Turudi ziwani, kwa sababu kuna mtego kwa anayedhani kipimo hakibadiliki kamwe na benchi pekee ndilo linalobadilika. Hilo si kweli kwa kaseti zinazotafuta protini iitwayo HRP2, ambazo ndizo nyingi. Protini hiyo hubaki kwenye damu baada ya vimelea kuuawa na dawa, mara nyingi wiki mbili, na wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kaseti inaona vumbi la gari lililokwisha pita.

Njoro jambo hili halihesabiki, kwa kuwa ni wachache waliotibiwa malaria mwezi uliopita. Ahero ni wengi. Tuseme kati ya wale 600 wasio na malaria, 60 walimaliza dozi hivi karibuni na bado wanawasha mstari. Hao ni chanya 60, na katika 540 waliobaki zinatoka nyingine 27. Chanya za uongo sasa ni 87, si 30, na thamani ya ubashiri chanya imeshuka kutoka 93% hadi 81%. Umahususi wenyewe, ulioandikwa 95 kwenye karatasi, umekuwa chini ya 86 kwa watu hawa.

Utaitambuaje hali hii? Chanya zinazokataliwa na slaidi hukusanyika kwa watoto, na ukifungua kijitabu cha mtoto unakuta dozi ya wiki mbili au tatu zilizopita. Mtoto wa namna hiyo asipimwe tena kwa kaseti ya HRP2. Apimwe kwa slaidi, au kwa kaseti inayotafuta pLDH, antijeni inayotoweka upesi zaidi vimelea vikishakufa. Andika tarehe ya dozi ya mwisho kwenye rejista kando ya tokeo. Safu hiyo moja itakuokoa mabishano mengi na kliniki.

Kuna jingine, gumu zaidi, ambalo hata slaidi haiwezi kulitatua. Uchunguzi wa viashiria vya malaria wa Kenya wa 2020 ulikuta takriban 19% ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 katika ukanda wa ziwa wana vimelea, kwa kusoma slaidi, na hao walipimwa majumbani, si kwenye foleni ya wagonjwa. Maana yake mtoto wa Ahero anaweza kuwa na vimelea vya kweli na homa yake ikatoka kifuani. Kipimo hakijakosea, slaidi haijakosea, lakini swali lilikuwa "homa hii ni ya nini?" na jibu lililotolewa ni "vimelea vipo." Thamani ya ubashiri kwa kuwapo kwa vimelea na thamani ya ubashiri kwa chanzo cha homa ni vitu viwili, na ukanda wa ziwa ndipo vinapoachana zaidi. Mtibu malaria, halafu hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kama vile kipimo kingekuwa hasi.

Hasi nayo hubadilika, kwa upande wa pili

Njoro, waliopata hasi ni 932, na aliyekosewa ni mmoja. Hasi ya huko unaweza kuiegemea, hata kama kipimo kimekuwa kikisemwa vibaya mwezi mzima. Ni kichekesho kidogo: zahanati inayotaka kukitupa kipimo ndiyo inayofaidika zaidi na nusu yake ya pili.

Ahero msimu wa kawaida, hasi ni 590 na waliokosewa ni 20. Baada ya mvua za masika benchi hubadilika tena. Tuseme sasa wenye malaria ni 700 kati ya 1,000. Kipimo kinawanasa 665 na kuwakosa 35. Katika 300 wasio nayo, 285 wanapata hasi. Jumla ya hasi ni 320, na 35 kati yake ni za uongo: mmoja katika kila tisa. Kituo ni kile kile, mfanyakazi yule yule, kasha lile lile, miezi miwili tu imepita.

Kwa hiyo mwezi wa Mei au Juni upande wa Kano, mtoto aliyelegea, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege asiondolewe kwenye orodha ya malaria kwa sababu ya kaseti moja hasi. Slaidi nene isomwe hapo hapo. Kama hakuna hadubini na dalili za hatari zipo, apewe rufaa pamoja na maelezo ya kipimo kilichofanywa na saa yake. Kama hana dalili za hatari na homa inaendelea, apimwe tena baada ya siku moja au mbili, vimelea vikiwa vimeongezeka vya kutosha kuonekana.

Ukitaka kujua zahanati yako iko upande gani mwezi huu, huhitaji tarakimu za wizara. Fungua rejista ya wiki nne zilizopita, gawa chanya kwa waliopimwa, pitisha jibu kwenye ile hesabu ya juu, na uandike jibu kwa chaki ukutani juu ya meza ya kupimia. Likiwa chini ya 5%, chanya ndiyo inayotakiwa kuthibitishwa. Likipita 50%, hasi ya mgonjwa mahututi ndiyo ya kutiliwa shaka. Mwezi ukiisha lifute, uhesabu upya.